Jinsi ya kusoma lebo ya krimu na kugundua zebaki au steroidi, na losheni ya kuchukua badala yake

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama mbele ya rafu ya vipodozi, iwe Kariakoo au River Road, kopo liko mkononi na muuzaji anasubiri pesa. Una dakika mbili au tatu za kuamua. Muuzaji atakuambia ni krimu nzuri, inauzika sana, hata yeye anaipaka. Wewe geuza kopo usome.

Katika vitu vinavyowekwa kwenye krimu za kuchubua, viwili ndivyo ninavyoviogopa zaidi: zebaki na steroidi kali. Haidrokwinoni nayo ina madhara yake na imepigwa marufuku kwenye vipodozi vyetu, na ukiona neno "hydroquinone" kwenye viambato, rudisha kopo rafuni. Lakini haidrokwinoni watu wengi wameshaisikia. Hizi mbili nyingine ndizo zinazopita kimya kimya, na kila moja ina tabia yake kwenye lebo.

Steroidi ni dawa. Hutengenezwa na viwanda vya dawa kwa ajili ya magonjwa ya ngozi, na kwa kuwa ni dawa, mara nyingi jina lake limeandikwa pale pale kwenye tyubu, pamoja na asilimia yake. Shida ni kwamba mnunuzi halitambui jina hilo. Zebaki haina kazi yoyote halali kwenye krimu ya urembo, kwa hiyo anayeiweka huificha. Basi steroidi itafute kwenye yale yaliyoandikwa, na zebaki itafute kwenye yale yaliyokosekana na kwenye maonyo ya ajabu ajabu. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata ni nyepesi.

Hatua ya 1: Soma nyuma, na usome kisanduku na kopo vyote viwili

Mbele ya kopo kuna picha ya uso na maneno matamu. Achana nayo. Huko nyuma ndiko kuna orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida huanza na neno "Ingredients", au "Ingrédients" kama bidhaa imepitia Kongo au Afrika Magharibi. Maandishi yakiwa madogo mno, yapige picha kwa simu kisha uikuze picha. Wakati mwingine orodha iko kwenye kisanduku tu na kopo ni tupu, au kinyume chake. Wakati mwingine kuna stika iliyobandikwa juu ya maandishi ya awali. Stika inayotaja muagizaji wa nchini na ikaacha viambato wazi ni jambo la kawaida. Stika inayofunika viambato ni sababu tosha ya kutokununua.

Usidanganyike na maandishi ya "hydroquinone free", yaani haina haidrokwinoni. Yanaweza kuwa kweli kabisa, na ndani mkawa na steroidi au zebaki. Hali kadhalika neno "natural", au picha ya karoti, limau na papai. Viambato ndivyo vinavyosema, picha haisemi.

Hatua ya 2: Tafuta steroidi kwa vipande vya majina

Huna haja ya kukariri majina yote ya steroidi. Kariri vipande. Mwanzo wa jina tafuta "clobeta", "betameth", "dexameth", "fluocin", "triamcin" na "mometa". Mwisho wa jina tafuta "sone", "olone" na "onide". Kwa vipande hivyo utazinasa karibu zote zinazozunguka mitaani: "clobetasol propionate", "betamethasone dipropionate", "betamethasone valerate", "dexamethasone", "fluocinolone acetonide", "fluocinonide", "triamcinolone", "mometasone". Kwenye lebo ya Kifaransa maneno hugeuzwa mpangilio, utaona "propionate de clobétasol", lakini kipande ni kile kile.

Angalizo hapa, maana watu wengi huogopa bure. "Dimethicone" inaishia na "cone", siyo "sone". Hiyo ni silikoni ya kulainisha ngozi na imo kwenye losheni nyingi nzuri. "Benzophenone" nayo siyo steroidi.

Baada ya jina, tazama asilimia. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona 0.05% wanasema ni kidogo sana, haiwezi kudhuru. Nguvu ya steroidi haipimwi kwa asilimia peke yake. Klobetasoli ya 0.05% iko katika kundi la steroidi zenye nguvu kuliko zote zinazopakwa kwenye ngozi, ilhali haidrokotisoni ya 1%, ambayo asilimia yake ni mara ishirini, iko katika kundi dhaifu. Kwa hiyo jina ndilo linalokuambia ukali, na namba ndogo ndogo kama 0.05% au 0.1% ikifuatiwa na "w/w" ni dalili kwamba umeshika dawa. Losheni ya kawaida haina sababu ya kuandika kipimo namna hiyo.

Dalili nyingine za dawa ni herufi "BP" au "USP" karibu na jina, alama "Rx", na sentensi inayosema itumike kwa maelekezo ya daktari. Ukizikuta kwenye tyubu inayouzwa pamoja na sabuni na nywele za bandia, iko mahali pasipo pake. Sisemi dawa yenyewe ni mbaya. Klobetasoli imewatuliza watu wengi wenye pumu ya ngozi na magonjwa mengine ya ngozi, ila daktari huitoa kwa sehemu ndogo na kwa muda mfupi. Kwa mtu mzima, maelekezo yake ya kawaida ni isizidi wiki mbili mfululizo, wala isizidi gramu 50 kwa wiki.

Sasa piga hesabu ya mtu anayeipaka mwili mzima. Kumpaka mtu mzima mwili wote mara moja huchukua takriban gramu 20 hadi 30 za krimu. Ukichukua 25 kwa siku, ni gramu 175 kwa wiki, zaidi ya mara tatu ya kikomo, na hapo ni mara moja kwa siku tu. Miezi inapita, wala hakuna daktari anayejua. Ndiyo maana ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na mikononi, chunusi zinafumka usoni, na kidonda kidogo kinakataa kupona. Steroidi inayoingia mwilini kwa wingi huweza kupandisha sukari na presha, na huufanya mwili uache kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Hilo la mwisho nitalirudia kwenye hatua ya 7, maana ndilo linalofanya kuacha ghafla kuwe na hatari yake.

Hatua ya 3: Tafuta zebaki kwa kilichokosekana

Mara chache zebaki hutajwa. Ikitajwa, tafuta vipande "mercur" na "hydrarg", au neno "calomel", au alama yake ya kikemia, Hg. Utakutana na maandishi kama "ammoniated mercury", "mercuric iodide", "mercurous chloride" au "hydrargyri oxydum rubrum". Sabuni za kuchubua nazo zimewahi kuwekwa ayodaidi ya zebaki, kwa hiyo usisome makopo ya krimu peke yake.

Pale isipotajwa, kuna dalili nne ninazozitazama.

Ya kwanza ni onyo kuhusu vito. Karatasi iliyomo kwenye kisanduku inasema krimu isigusane na dhahabu, fedha, mpira au aluminiamu, au inasema vua pete kabla ya kupaka. Kwenye Kiingereza tafuta "gold", "silver", "rubber", "aluminium", "jewellery". Zebaki hushikamana na dhahabu na fedha, na hula aluminiamu. Sijawahi kuona losheni ya kawaida ikimwambia mtu aiogopee pete yake. Onyo hili peke yake linatosha kukufanya uache kopo.

Ya pili ni rangi. Krimu nyingi zenye zebaki hubadilika zikipigwa na mwanga na hewa. Fungua kopo kama unaruhusiwa, uangalie pembezoni chini ya mfuniko. Kijivu, au kijani kilichofifia kuelekea weusi, kwenye krimu iliyokuwa nyeupe au ya manjano hafifu, ni dalili mbaya. Maelekezo ya kuificha mbali na jua na kuipaka usiku tu yanaendana na jambo hilo, ingawa peke yake hayathibitishi, kwa sababu zipo krimu halali za usiku.

Ya tatu ni lebo isiyo na mwenyewe. Hakuna orodha ya viambato, hakuna anwani ya kiwanda, hakuna namba ya toleo wala tarehe ya mwisho ya kutumika, au maandishi yote ni ya lugha isiyosomwa hapa kwetu. Makopo madogo ya gramu 20 au 30 yanayobebwa kwenye mabegi ya wasafiri au kuagizwa kwa mtandao ndiyo yanayoongoza kwa hili.

Ya nne ni ahadi ya siku. Kopo likikuahidi weupe ndani ya siku tatu au saba, jiulize ni kitu gani kinachoweza kufanya hivyo. Losheni haiwezi. Kinachoweza ni vitu vikali kama hivi ninavyovieleza.

Usijaribu kupima nyumbani kwa kupaka krimu kwenye pete. Pete isipobadilika haikuhakikishii chochote, na ikibadilika umeharibu pete. Kipimo cha kweli ni cha maabara. Tanzania kazi hiyo hufanywa na maabara za TBS na Mkemia Mkuu wa Serikali, Kenya ni KEBS na Mkemia wa Serikali.

Kwa nini nakazia zebaki kiasi hiki? Kwa sababu haiishii kwenye ngozi. Inapenya hadi kwenye damu na kutua kwenye figo. Mwaka 1972 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 60 watu wazima wa Nairobi waliokuwa na figo zinazovujisha protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamepaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Tumelijua jambo hili hapa hapa kwetu kwa zaidi ya miaka hamsini. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulizuia vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni kuanzia mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa hata kiwango hicho. Krimu yenye zebaki ya 1% ina sehemu 10,000 kwa milioni.

Na zebaki hugeuka mvuke. Inabaki kwenye taulo, mashuka na mto, na mtoto anayebebwa, kunyonya na kulala na mama anaipata bila kupakwa hata tone.

Hatua ya 4: Mfano wa mfuko mmoja

Niko kwenye duka la dawa, na watu huja na makopo yao niwasomee. Mmoja alikuwa dada mwenye mtoto wa miezi saba mgongoni.

"Shikamoo mama. Naomba unisomee hizi. Nikiacha siku mbili tu uso unaniwaka moto."

"Marahaba mwanangu. Umezipaka tangu lini?"

"Tangu kabla sijabeba mimba."

Mfukoni mlikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa kikopo cha gramu 30 chenye mfuniko wa rangi ya dhahabu. Viambato havikuwepo, kiwanda hakikutajwa, na kikaratasi chake kilisema ipakwe usiku na isigusane na vito. Nilipofungua, ukingo wa krimu ulikuwa umeingia kijivu. Hapo kulikuwa na dalili tatu kati ya nne, na sikuhitaji ya nne. Nilimwambia hiyo asiiguse tena kuanzia siku ile.

Cha pili kilikuwa tyubu ya gramu 30, safi, yenye namba ya toleo na jina la kiwanda. Imeandikwa vizuri kabisa "clobetasol propionate 0.05% w/w". Hii ndiyo iliyokuwa ikimwasha moto. Ngozi iliyozoea steroidi kali huwa nyekundu na kuwaka ikinyimwa, na mtu hudhani krimu inamfaa kwa sababu akirudi kuipaka, moto unapoa. Kumbe ni krimu ile ile inayomfunga.

Cha tatu kilikuwa chupa ya losheni ya mililita 400, ya kampuni inayojulikana, na viambato vyake havikuwa na neno lolote la kutisha. Nikamuuliza kama ameifungua na kuongeza kitu. Akasema dada wa saluni alimminia humo tyubu mbili kama ile ya klobetasoli, pamoja na krimu nyingine asiyoijua jina. Kwa hiyo lebo ya chupa ilikuwa inasema kweli kuhusu losheni ya kiwandani, na haikusema lolote kuhusu mkorogo uliokuwa ndani. Nimekutana na chupa za namna hii mara nyingi kuliko tyubu zenyewe.

Niliandika majina yote kwenye karatasi nikampa aende nayo hospitali ya rufaa, kwa sababu daktari hawezi kukisia. Nikaandika pia kwamba yeye na mtoto wapimwe mkojo. Mtoto alikuwa analala kifuani pake kila usiku.

Hatua ya 5: Mkorogo hauna lebo, kwa hiyo usiupime kwa lebo

Chupa ikiwa imeshafunguliwa kabla hujauziwa, ikiwa imejazwa dukani kutoka kwenye ndoo, au ikiwa muuzaji amekuchanganyia mbele yako, hakuna cha kusoma. Jibu ni moja tu: usinunue. Hata mchanganyaji akiwa mtu mwaminifu, yeye mwenyewe hajui kilichomo ndani ya vile anavyovichanganya, na hajui kiasi cha steroidi kilichopatikana mwishoni.

Anza kununua chupa yenye kizibo kisichofunguliwa, na ikiwezekana uvunje wewe mwenyewe.

Na alama za viwango je? Tanzania, usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS tangu mwaka 2019. Kenya ni KEBS, na unaweza kuhakiki alama ya bidhaa ya ndani kwa ujumbe mfupi kwenda 20023: andika SM#, kisha namba iliyo kwenye alama. Jibu litakuja na jina la bidhaa na kampuni, nawe ulinganishe na kopo. Fanya hivyo, lakini usiishie hapo. Alama inaweza kuigwa, na jina la kipodozi halali linaweza kubandikwa kwenye kopo bandia. Alama ikiwepo, bado soma viambato.

Hatua ya 6: Chukua losheni inayofanya kazi ya losheni

Wengi walioanza kujichubua hawakuanza kwa kutaka weupe. Walianza kwa sababu ngozi ilikuwa inapauka, au chunusi ziliacha madoa, wakaambiwa kuna krimu inayong'arisha. Kupauka ni ukavu, na ukavu una tiba rahisi.

Losheni nzuri hufanya mambo mawili: inashika maji kwenye ngozi, na inayafungia yasitoke. Kinachoshika maji ni glisirini, utaiona kama "glycerin", na yurea. Kinachofungia ni mafuta: "petrolatum", "paraffinum liquidum", "dimethicone", au mafuta ya mimea kama "butyrospermum parkii", ambayo ni shea, na "cocos nucifera", ambayo ni nazi. Viambato huandikwa kwa mpangilio wa wingi, kikubwa kikitangulia. Kwa hiyo ukiona "aqua" kisha "glycerin" na mojawapo ya mafuta hayo ndani ya majina matano au sita ya mwanzo, hiyo ni losheni ya kweli. Neno "cetearyl alcohol" au "cetyl alcohol" lisikutishe. Ni kitu kizito kama nta, kinalainisha, wala hakikaushi kama spiriti.

Sharti langu la pili ni usoni pa chupa kusiwe na ahadi ya rangi. Kampuni moja inaweza kuwa na losheni ya kawaida na nyingine ya kung'arisha, chupa zikafanana umbo na kutofautiana neno moja: "white", "fair", "clear", "lightening", "toning", au "éclaircissant". Chukua ile isiyo na neno hilo. Isiyo na manukato ni bora zaidi kwa ngozi inayowasha, na ni lazima kwa ngozi inayotoka kwenye steroidi.

Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa, losheni nyepesi yenye glisirini inatosha kwa sababu ya joto. Ukiwa Njombe, Limuru au Kigezi kwenye baridi, mafuta ya mgando ya kawaida ndiyo yanayoshinda, na bei yake ni ndogo. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanamfaa hata mtoto mchanga. Kwa nyayo na magoti yaliyokakamaa, tafuta krimu ya yurea ya 10%. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa mwili, ila mwenye chunusi ayaepushe na uso.

Namna ya kupaka ina uzito sawa na unachopaka. Oga kwa maji ya kawaida au vuguvugu, jifute kwa kugusagusa taulo, kisha paka ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukisubiri ikauke kabisa, umefungia ukavu ndani. Bidhaa mpya ijaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili au tatu.

Madoa ya chunusi na ya ujauzito ni jambo jingine. Losheni haiyaondoi. Jua huyazidisha, kwa hiyo kinga ya jua yenye SPF 30 au zaidi, inayopakwa kila asubuhi na kurudiwa ukikaa nje, ndiyo msingi. Zaidi ya hapo, mwone daktari wa ngozi, maana zipo dawa kama asidi ya azelaiki zinazotolewa kwa usimamizi. Huchukua miezi, siyo siku saba.

Hatua ya 7: Kama umeshapaka

Zebaki iache leo hii, yote, bila kupunguza taratibu. Nenda hospitali useme wazi kwamba umetumia krimu unayoshuku ina zebaki, na uombe kipimo cha mkojo cha protini na, kinapopatikana, cha zebaki yenyewe. Usichelewe kama uso au miguu imevimba, mkojo una povu lisilotoweka, mikono inatetemeka, vidole vina ganzi, usingizi umepotea au umekuwa msahaulifu na mkali bila sababu. Kama una mimba au unanyonyesha, nenda hata usipojisikia vibaya. Wapeleke na watoto mnaolala pamoja.

Steroidi ni tofauti. Kama umepaka sehemu ndogo kwa siku chache, acha tu. Kama umepaka mwili mzima kwa miezi, usiache wala usiendelee kwa maamuzi yako mwenyewe. Mwone daktari wiki hiyo hiyo, ukiwa na tyubu mkononi, akupangie namna ya kushuka. Mwili uliosahau kutengeneza homoni yake unaweza kuishiwa nguvu. Uchovu mkubwa, kizunguzungu ukisimama, kutapika na maumivu ya tumbo baada ya kuacha ni dharura, nenda usiku huo huo. Na ukipangiwa upasuaji, hata ule wa kujifungua, mwambie daktari kuhusu krimu, kwa sababu kidonda chako na presha yako vinaweza kutenda tofauti na anavyotarajia.

Ngozi yenyewe itawaka na kuwa nyekundu au kutoka vipele kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Kipindi hicho paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, maji yasiwe moto, na kila anayekuletea krimu nyingine ya kutuliza haraka umkatalie. Ukiona duara zinazowasha zikitambaa, huenda ni fangasi waliokuwa wamefunikwa na steroidi, na hao wana dawa yao.

Hatua ya 8: Kopo lenyewe

Usimpe mtu mwingine, hata kama limebaki nusu. Usilichome, kwa sababu moto huitoa zebaki hewani ukaivuta wewe na majirani. Usiimwage krimu chooni wala kwenye karo. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, uufunge tena ndani ya mfuko mwingine, uuweke mbali na watoto na jikoni, kisha uulize ofisi ya afya ya wilaya au kaunti pa kuupeleka. Foronya na taulo zilizolowa krimu hiyo kwa muda mrefu zifungie na kuzitupa kwa njia hiyo hiyo, fungua madirisha, na fua mashuka yaliyobaki peke yake bila kuchanganya na nguo za mtoto. Kabla ya kufunga mfuko, piga picha mbele na nyuma ya kopo pamoja na kisanduku, uandike ulilinunua wapi na lini, uzitume TBS au KEBS. Mkaguzi akiwa na picha ya namba ya toleo na jina la mtaa anajua pa kuanzia, tofauti na anayeambiwa tu kwamba kuna krimu mbaya sokoni.